Neno «Kodi» katika Barua za Fedha

Siku moja tulisomewa barua ya kampuni moja ya Tanzania, iliyopanga nyumba ya mzee mmoja na kuifanya duka. Barua iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha karani akaigeuza kwa Kiswahili hivi: «Kodi ya nyumba ya miezi 6 ni shilingi 1,800,000. Tumekata kodi shilingi 180,000. Akaunti yako imekopeshwa shilingi 1,620,000.» Mzee alipoisikia alifadhaika. Akasema, «Kodi yangu imekatwa kodi gani? Tena mimi sikuomba mkopo!»

Karani hakuwa mjinga. Kila neno aliloliandika ni neno la Kiswahili. Lakini Kiingereza kina maneno mawili mbali mbali, moja la malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba, na moja la malipo ya raia kwa serikali, naye yote mawili aliyaita kodi. Ili tujue sababu, yafaa tutazame mambo ya kale.

Zamani za Sayyid Said, bidhaa zilizoshushwa Unguja zilitozwa ushuru. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni sehemu ya kumi. Walakini katika mapatano aliyofanya Sayyid na Waamerika mwaka 1833 ushuru ulikuwa 5 kwa mia tu. Sayyid hakuukusanya mwenyewe. Aliukodisha forodha kwa mfanya biashara, na katika miaka ya 1840 aliyeishika alikuwa Jairam Shivji. Huyu alimlipa Sayyid fedha zilizopatanwa kila mwaka, naye akatwaa ushuru wa bidhaa. Basi hapo twaona tofauti wazi: ushuru hufuata bidhaa, bali kukodi ni kulipa ili utumie kitu cha mwingine.

Hata ulipofika mwaka 1898, Wadachi waliotawala bara wakaanza kutoza kila nyumba, na kibanda cha shamba kilitozwa rupia 3. Watu wakaiita kodi ya nyumba. Nyumba ilikuwa ya mtu mwenyewe, wala hakuipanga kwa mtu. Lakini jina likawa lile lile la malipo ya mpangaji. Hivyo neno kodi limebeba mizigo miwili.

Leo Tanzania imepata maneno ya kuitenga mizigo hiyo. Malipo ya mpangaji huitwa kodi ya pango. Malipo ya serikali juu ya jengo huitwa kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa pamoja na malipo ya umeme. Na ile fedha ambayo mlipaji huizuia katika malipo ya mtu, akaipeleka serikalini kwa niaba yake, huitwa kodi ya zuio. Kampuni ikipanga nyumba ya mkazi wa Tanzania, sheria huitaka izuie 10 kwa mia ya pango. Nazo ndizo zile shilingi 180,000: hazikupotea, wala kampuni haikuzila, zilikwenda Mamlaka ya Mapato kwa jina la mzee.

Limebaki lile neno «imekopeshwa». Kwa Kiingereza neno moja hutumika kwa kumpa mtu mkopo na kwa kuandika fedha upande wa mapato katika akaunti yake. Kwa Kiswahili mambo haya hayakutani. Fedha ikiwa ni haki ya mwenye akaunti, benki imeiingiza; ikiwa itarudishwa, ndipo imemkopesha. Aliyeambiwa amekopeshwa ana haki ya kuuliza atalipa lini na kwa riba gani.

Basi barua ile ilipasa kuandikwa hivi: «Kodi ya pango ya miezi 6 ni shilingi 1,800,000. Tumezuia kodi ya zuio, 10 kwa mia, yaani shilingi 180,000, na cheti chake kimo ndani ya barua hii. Shilingi 1,620,000 zilizobaki zimeingizwa katika akaunti yako.» Mzee angejua kwamba cheti ni cha kutunzwa, maana ndicho ushahidi wake kwa watoza kodi kwamba sehemu hiyo imekwisha kulipwa.

Lakini anayeandikia watu wa Kenya aangalie tena, maana huko neno ushuru hutumika sana kwa kodi za serikali za kila namna, hata ya mshahara, ambao haukupita forodhani kamwe. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno kodi katika barua, tujiulize: fedha hii yamwendea nani mwishowe? Ikiwa ni mwenye nyumba, tuongeze «ya pango». Ikiwa ni serikali, tuseme ni kodi ya nini.