Sindromu ya ovari zenye vifuko vingi

Sindromu ya ovari zenye vifuko vingi ni hitilafu ya homoni kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa vigezo vilivyokubaliwa Rotterdam mwaka 2003, utambuzi huhitaji dalili mbili kati ya tatu: yai kutopevuka kwa utaratibu, androjeni kuzidi, na ovari kuonekana na vifuko vingi kwenye picha ya ultrasaundi. Hivyo, mwanamke mzima anayepata hedhi kila baada ya siku 60 na kuota ndevu anaweza kutambuliwa bila picha hiyo, mradi vipimo vimeondoa magonjwa mengine, kama ya tezi ya shingo.

Vifuko hivyo ni vijifuko vya mayai vilivyokwama kukua. Insulini ikizidi, ovari hutengeneza androjeni nyingi, na yai halitoki. Bila yai kutoka, projesteroni haitengenezwi. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huendelea kunenepa, na hedhi huchelewa, kisha huweza kuja nzito.

Metformini huusaidia mwili kuitikia insulini. Kwa kawaida huanzwa na miligramu 500 kwa siku pamoja na chakula, kisha huongezwa taratibu ili kupunguza kichefuchefu na kuharisha. Yai linaweza kuanza kutoka tena, hivyo mimba inawezekana. Vidonge vyenye estrojeni na projestini hupanga hedhi, hupunguza androjeni na kuukinga ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, lakini huzuia mimba. Havimfai aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa. Dawa zote mbili hudhibiti dalili. Haziondoi sindromu yenyewe.