Optokapla

Optokapla ni kijenzi cha kielektroniki kinachopitisha ishara kwa mwanga. Ndani yake ledi humulika transista, na kati yao hakuna waya. Umeme wa upande mmoja hauvuki kwenda wa pili, mradi nyaya hasi za pande zote mbili zisiunganishwe.

Neno linaloambatana nalo ni uwiano wa mkondo: mkondo wa transista ukigawanywa kwa mkondo wa ledi, kwa asilimia. PC817 huhakikishiwa angalau asilimia 50 ledi ikipewa miliampia 5.

Tuseme fundi wa Kindu anataka mikrokontrola ya volti 3.3 iamuru saketi ya volti 5 ya pampu ya sola. Ledi hubakiza takriban volti 1.2, hivyo rezista hubeba volti 2.1. Volti 2.1 kugawanya kwa miliampia 5 ni omu 420. Rezista ya omu 390 iliyopo madukani hutoa miliampia 5.4. Transista basi ina uhakika wa miliampia 2.7.

Rezista ya omu 1,000 upande wa kutokea huhitaji karibu miliampia 5, kwa hiyo mita inaweza kusoma volti 2.3 badala ya karibu sifuri. Ya omu 10,000 huhitaji 0.5 tu, na hubaki akiba kwa ajili ya ledi inayofifia kwa miaka. Hasara yake ni kwamba ishara huzimika polepole zaidi.