Mchoro usiofungwa (FreeCAD)

Hitilafu ya usanifu wa kompyuta ambapo mchoro bapa hukataa kupewa unene kwa sababu mistari ya mzingo wake haikukutana.

Kwa nini amri ya Pad hukataa?
Pad hujaza eneo lililozungukwa pande zote. Ncha mbili zikiachana hata kwa milimita 0.005, programu haina ndani wala nje ya kujaza, nayo hutoa ujumbe `Wire is not closed`. Kwenye skrini pengo hilo halionekani, kwani ncha hizo huchorwa kama nukta moja.

Pengo hutafutwaje?
Chukua bati la milimita 60 kwa 40. Vuta kila kona kwa kipanya: iliyofungwa husogea na mistari yote miwili, iliyo wazi huachana. Ikiwa vipimo vimeshazuia mchoro usisogee, funga uhariri, uchague mchoro, kisha fungua `Validate Sketch` katika menyu ya `Sketch`. Kitufe cha `Find` huonyesha ncha zilizokaribiana bila kuunganishwa.

Huzibwaje?
`Fix` huziunganisha ncha hizo. Kwa mkono, chagua ncha zote mbili na uzipe sharti la `Coincident`. Kiwango cha umbali kinachotumiwa na `Find` kiwe kidogo kuliko mstari mfupi zaidi wa mchoro, la sivyo ncha zilizopaswa kutengana zitaunganishwa.

Pad ikiendelea kukataa?
Tafuta mstari uliolala juu ya mwingine, ufute mmoja.