Familia za Maneno katika Insha za Kitaaluma: Mazingira, Teknolojia na Elimu

Familia ya maneno ni kundi la maneno yaliyotokana na mzizi mmoja. Kitenzi *pungua*, kwa mfano, kina jamaa zake: *punguza*, *punguzwa*, *upungufu*, *upunguzaji*, *kipunguzo*. Anayejifunza maneno hayo pamoja hupata faida mbili. Hahitaji kukariri kila neno peke yake, na tena hujifunza tofauti za maana zinazoletwa na viambishi. Tofauti hizo ndizo zinazoamua kama insha ya kitaaluma imesema jambo lililokusudiwa au jambo jingine.

Makala haya yanachukua mfano mmoja hadi mwisho: insha ya mwanafunzi wa Soweto, mjini Moshi, inayohusu hali ya Mlima Kilimanjaro. Kutoka Soweto, asubuhi isiyo na mawingu, Kibo huonekana upande wa kaskazini, na mada zote tatu, yaani mazingira, teknolojia na elimu, hukutana katika habari za mlima huo.

Pungua: hali, mchakato na tendo

Barafu ya Kilimanjaro imefuatiliwa kwa muda mrefu. Kati ya mwaka 1912 na 2007, eneo lililofunikwa na barafu lilipungua kwa takriban asilimia 85. Mwanafunzi anayetaka kulieleza jambo hili kwa nomino hukutana na maneno matatu yanayofanana.

*Upungufu* ni hali ya kutotosha. *Kupungua* ni mchakato wa kitu kuwa kidogo kuliko kilivyokuwa. *Upunguzaji* ni tendo la mtu anayekifanya kitu kiwe kidogo. Kwa hiyo, *upungufu wa maji* ni shida inayowapata watu wasipokuwa na maji ya kutosha. *Kupungua kwa maji* ni mabadiliko yanayoweza kupimwa mwaka hadi mwaka. Na *upunguzaji wa matumizi ya maji* ni hatua inayochukuliwa na mamlaka au familia. Anayeandika *upungufu wa barafu ya Kibo* anasema kwamba barafu haitoshi, kana kwamba kuna mtu aliyeihitaji akaikosa. Usemi unaofaa ni *kupungua kwa barafu ya Kibo*.

Haribu: swali la mtenda

Familia ya *haribu* ina vitenzi viwili ambavyo wanafunzi huvitumia kama kimoja: *haribika* na *haribiwa*. Cha kwanza kiko katika kauli ya kutendeka, cha pili katika kauli ya kutendwa. Tofauti yao si ya sarufi tu. Sentensi *Msitu umeharibika* inaeleza hali ya msitu na kunyamaza juu ya sababu yake. Sentensi *Msitu umeharibiwa* inadai kwamba yupo aliyeuharibu au kipo kilichouharibu, hata kama hakikutajwa, na msomaji ana haki ya kuuliza: na nani, au na nini?

Kauli ya kutendwa humpokea mtenda kwa kiunganishi *na*: *Sehemu ya uoto wa mlima iliharibiwa na moto mwezi Oktoba 2020.* Kauli ya kutendeka haimpokei mtenda kwa namna hiyo. Sentensi *Uoto uliharibika na moto* husikika katika mazungumzo, lakini katika maandishi rasmi huhesabiwa kuwa kosa.

Haifuati kwamba kauli ya kutendeka iepukwe. Panapokuwa na sababu nyingi zilizofungamana, au sababu isiyothibitishwa, kutaja mtenda ni kudai kisichojulikana. Ila mwandishi ajue anachokichagua. Akiandika *mto umechafuka* ilhali amekwisha kueleza kwamba taka zilimwagwa humo, amemficha mtenda aliyemtaja mwenyewe.

Hapo inaingia pia familia ya *-chafu*. *Uchafu* ni hali au ni taka zenyewe. Waweza kuonekana, kuzolewa na kuondolewa. *Uchafuzi* ni tendo la kuchafua. Lina mtenda, *mchafuzi*, na laweza kukatazwa na sheria. Ndiyo maana husemwa *kuzoa uchafu* na *kuzuia uchafuzi wa mazingira*, wala si kinyume chake.

Hifadhi: vitenzi vya mkopo

Vitenzi vingi vya asili ya Kibantu huunda nomino ya tendo kwa kiambishi *u-* mwanzoni na *-aji* au *-zi* mwishoni: *sambaza* hutoa *usambazaji*, *chafua* hutoa *uchafuzi*. Vitenzi vingi vilivyotoka Kiarabu havibadiliki mwishoni. Kutoka *hifadhi* hupatikana *uhifadhi* na *mhifadhi*. Kutoka *dhibiti* hupatikana *udhibiti* na *mdhibiti*. Kutoka *ratibu* hupatikana *uratibu* na *mratibu*. Maumbo kama *uhifadhaji* na *udhibitaji* yametokana na kuilazimisha kanuni ya kwanza mahali pa ya pili. Wapo wachache wanaotoka nje ya mkondo huu, na *haribu* ni mmoja wao, kwani nomino yake ni *uharibifu*.

Neno *hifadhi* lina ugumu mwingine: ni kitenzi na ni nomino pia. Kama nomino hutaja mahali, kama ilivyo katika jina la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973. *Uhifadhi* hutaja kazi au taaluma. Hivyo *hifadhi imepanuliwa* maana yake ni kwamba mipaka ya eneo imesogezwa mbele. *Uhifadhi umeimarishwa* maana yake ni kwamba kazi ya kulinda inafanywa vizuri zaidi. Upatanisho nao hutofautiana: *hifadhi hii imefungwa*, lakini *uhifadhi huu umefanikiwa*.

Mfano wa karibu wa familia ya aina hii uko Mweka, kwenye miteremko ya mlima, katika jina la Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, kilichoanzishwa mwaka 1963. Mzizi ni ule wa *simama*. *Simamia* ni kuangalia kazi ifanyike. *Usimamizi* ni kazi hiyo. *Msimamizi* ni mwenye kuifanya. Lakini *msimamo*, wenye *-o* mwishoni, ni maoni ambayo mtu ameyashikilia. Insha inaweza kueleza *msimamo wa wanakijiji kuhusu usimamizi wa msitu* bila maneno hayo mawili kugongana.

Mwaga na pima: maneno ya teknolojia

Teknolojia si mashine za umeme pekee. Wachaga walichimba mifereji ya kuteremsha maji kutoka mito ya mlimani hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yaliyozunguka makazi. Neno la kitaaluma la kazi hiyo ni *umwagiliaji*, na umbo lake husomeka hatua kwa hatua. *Mwaga* ni kuacha kitu cha majimaji kitoke chomboni. *Mwagia*, kauli ya kutendea, ni kumwaga juu ya kitu fulani. *Mwagilia* huongeza kiambishi cha kutendea mara ya pili, na maana hukolea: ni kumwagia kwa makusudi na kwa kurudia ili mmea ukue. Kutoka hapo hupatikana *umwagiliaji*. Anayekumbuka hatua hizi hawezi kuandika *umwagaji wa mashamba*, ambao ungemaanisha kwamba mashamba yenyewe yanamwagwa.

Familia ya *pima* hufuata njia iliyo wazi pia. *Upimaji* ni kazi ya kupima, na *mpimaji* ni mwenye kuifanya. *Kipimo* ni kiasi kilichopatikana au kiwango kinachotumika, na mara nyingi hutaja hata kifaa. *Kipimio* ni kifaa tu, kwa sababu kimetoka katika *pimia*, yaani kupima kwa kutumia kitu. Katika insha, *vipimo vinaonyesha* hurejelea matokeo, na *vipimio vimewekwa mtoni* hurejelea vyombo.

Soma na elimu: jamaa wa kweli na wa kudhaniwa

Kitenzi *soma* kina nomino mbili za mtenda. *Msomaji* ni mtu anayesoma kitabu au gazeti. *-Aji* huonyesha tendo linalofanyika au linalorudiwa. *Msomi* ni mtu aliyeelimika. *-I* hapa huonyesha sifa aliyokwisha kuipata. Mtu anaweza kuwa msomaji wa magazeti bila kuwa msomi. Vivyo hivyo *usomaji* ni tendo, *usomi* ni sifa, na *kisomo* ni mafunzo ya kusoma na kuandika, hasa kwa watu wazima.

*Elimu* imetoka Kiarabu, na ndugu zake ni *elimika*, *elimisha*, *uelimishaji*, na hata *mwalimu*, *taaluma* na *maalumu*, ambazo zimekopwa zikiwa tayari zimeundwa. *Mtaala* hudhaniwa kuwa wa ukoo huo kwa sababu ya sauti zake na maana yake, lakini mzizi wake wa Kiarabu ni mwingine. Kufanana kwa sauti hakutoshi kuwa ushahidi wa undugu.

Aya moja na marekebisho yake

Ifuatayo ni aya iliyotungwa ili kuonyesha makosa yaliyojadiliwa:

*Upungufu wa barafu ya Kibo unaonekana katika vipimio vya miaka mingi. Uoto uliharibika na moto mwaka 2020. Wanakijiji wanapaswa kukataza uchafu wa mifereji na kufanya uhifadhaji wa msitu. Habari hizi ziwafikie wasomi wa magazeti.*

Baada ya kila neno kurudishwa kwenye familia yake, aya husomeka hivi:

*Kupungua kwa barafu ya Kibo kunaonekana katika vipimo vya miaka mingi. Uoto uliharibiwa na moto mwaka 2020. Wanakijiji wanapaswa kukataza uchafuzi wa mifereji na kuhifadhi msitu. Habari hizi ziwafikie wasomaji wa magazeti.*

Rekebisho moja lastahili maelezo. *Kufanya uhifadhaji* hakukugeuzwa kuwa *kufanya uhifadhi*, ingawa umbo hilo ni sahihi. Kitenzi *hifadhi* chenyewe kinatosha. Wanafunzi wengi wakishajifunza nomino za *u-* huzitumia kila mahali pamoja na *kufanya*, na insha huwa nzito bila kupata maana zaidi. Nomino inafaa pale tendo lenyewe linapozungumziwa, kama katika *uhifadhi wa msitu unahitaji fedha*. Pale watu wanapotenda, kitenzi ndicho chenye haki ya kwanza.

Katika daftari la msamiati, basi, kila familia ipewe safu moja yenye nafasi tano: kitenzi, kauli ya kutendeka, nomino ya tendo, nomino ya mtenda, na nomino ya kitu au matokeo. Si kila familia itajaza nafasi zote. Nafasi isiyo na neno linalothibitishwa na kamusi iachwe wazi, kwa kuwa ni humo ambamo maumbo kama *uhifadhaji* huzaliwa.