Fedha za Kugomboa Gari Hazitangulii Hati ya Shehena

Mkazi wa Kata ya Mwembesongo, Manispaa ya Morogoro, anayeagiza gari lililotumika kutoka Japani kwa kawaida hamwoni muuzaji, wala gari lenyewe, hadi meli itie nanga Dar es Salaam. Umbali huo ndio mtaji wa matapeli wanaojitambulisha kuwa wauzaji wa magari wa ng'ambo. Hutangaza bei ya chini, kisha hudai amana ya usafirishaji na ya kugomboa gari kabla ya kuonesha hati yoyote.

Chukulia mfano wa Toyota IST inayotangazwa kwa dola 900 za Marekani. Muuzaji anataka dola 600 za meli na dola 400 za forodha, zitumwe leo ili gari lisiachwe na meli.

Dai la forodha ndilo linalomfichua. Kodi ya gari hulipwa nchini, kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa baada ya wakala wa forodha mwenye leseni kuwasilisha tamko. Tamko hilo huhitaji hati ya shehena, na hati ya shehena hutolewa na kampuni ya meli gari likishapakiwa. Kwa hiyo, gari ambalo halijapakiwa bado halina kodi ya kulipiwa, na muuzaji aliyeko Japani si mpokeaji wa kodi hiyo. Makadirio yake mwananchi anaweza kuyapata mwenyewe kwenye kikokotoo cha magari kilichopo katika tovuti ya TRA.

Dai la nauli lina sura ya ukweli zaidi, kwa kuwa nauli ipo. Hata hivyo, hukokotolewa kwa ujazo wa gari, na IST hujaza takribani meta za ujazo 10. Muuzaji halali huiandika katika ankara ya profoma pamoja na namba ya chesisi, bei na bandari ya kupakilia, na akaunti ya benki huwa na jina la kampuni hiyo hiyo, si la mtu binafsi.

Ikumbukwe kuwa wauzaji halali nao hudai malipo kabla ya kutuma hati halisi. Hilo pekee si utapeli. Tofauti ni kwamba nakala huonekana mapema. Namba ya chesisi iliyo kwenye ankara ifanane na ya cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje na, baadaye, ya hati ya shehena. Kwa kuwa picha ya hati hughushiwa kwa urahisi, wakala wa kampuni ya meli aliyeko Dar es Salaam aulizwe iwapo namba hiyo imo katika shehena.

Aliyekwisha kutuma fedha aiarifu benki siku hiyo hiyo ili iombe malipo yazuiwe, kisha afike kituo cha polisi na risiti pamoja na ujumbe wote, bila kufuta chochote. Makosa haya huangukia pia chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya simu ya ndani iliyotumika kutapeli itumwe kwenda 15040.