Nani anayewaza hapa?

Majuzi kijana mmoja wa Osieko aliniletea mswada wa riwaya yake. Inahusu magendo ya kahawa ya miaka ya 1976 na 1977, wakati baridi kali iliyoharibu mibuni ya Brazili mwaka 1975 ilipopandisha bei duniani, na wakulima wa Bugisu, upande wa Uganda, wakawa wanapitisha magunia Malaba na kwingineko mpakani. Mzee aliyeyashuhudia hayo kwa macho yake alikuwa ameusoma mswada kabla yangu, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Unatetea magendo!"

Aya iliyomkera ni hii:

"Nambozo aliyatazama magunia. Leo angevuka. Kahawa ilikuwa yake. Aliipanda, akaivuna, akaianika. Amwibie nani? Kumbe hata askari wa zamu alikuwa mnunuzi!"

Shutuma kama ya mzee yule iliwahi kumfikisha mtu mahakamani. Mwishoni mwa Januari 1857, jijini Paris, Gustave Flaubert alishtakiwa kwa ajili ya riwaya yake Madame Bovary. Mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, alilalamika kwamba kitabu kiliusifu uzinzi. Alishikilia hasa pale Emma anapojitazama kwenye kioo baada ya kumsaliti mumewe, akafurahia kuwa hatimaye amepata mapenzi. Pinard aliichukua furaha ile kuwa ya mwandishi. Akaongeza kuwa ndani ya kitabu hakuna mhusika hata mmoja mwenye haki ya kumhukumu Emma. Tarehe 7 Februari mahakama ilimwachilia Flaubert, ingawa haikukosa kumkaripia. Mbinu yenyewe ilikuwa haijapata jina. Mwanaisimu Charles Bally wa Geneva ndiye aliyeibatiza mwaka 1912, miaka 55 baadaye. Nami hapa nitaiita usemi wa taarifa ulio huru.

Sote tulifunzwa shuleni usemi halisi na usemi wa taarifa. Katika usemi halisi Nambozo angesema: "Leo nitavuka. Nimwibie nani?" Katika usemi wa taarifa msimulizi angeandika kwamba Nambozo alisema angevuka siku hiyo, na akajiuliza amwibie nani. Sasa hebu irudie aya ya kijana. Nafsi ni ya tatu, kama ya taarifa, lakini "leo" haikugeuzwa kuwa "siku hiyo". Alama za kunukuu hazipo, wala hakuna "alisema" au "aliwaza". Swali limebaki swali. Msimulizi ametoa kiambishi tu. Maneno mengine ni ya mwanamke yule.

Njia rahisi ya kupima ni kurudisha "ni-" mahali pa "a-". "Amwibie nani?" inakuwa "Nimwibie nani?" na unasikia papo hapo kinywa cha mtu. Lakini jaribu hivyo na sentensi ya kwanza: "Niliyatazama magunia." Hilo si wazo la mtu aliyesimama mbele ya magunia, ni simulizi la tukio. Kwa hiyo mpaka kati ya msimulizi na mhusika umekaa pale kwenye kituo baada ya neno "magunia". Mara nyingi utaujua mwisho wa mawazo vivyo hivyo: jina la mhusika linarudi, na kitendo kinachoonekana kinafuata.

Kiswahili kina dalili nyingine ninayoipenda kuliko zote, nayo ni "kumbe". Msimulizi anayejua yote tangu mwanzo hana la kugundua. Anayeshangaa kwamba askari ni mnunuzi ni Nambozo. "Eti" nayo hufanya kazi kama hiyo, ila mara nyingi hutuonyesha kwamba maneno ni ya mtu wa tatu anayekejeliwa. Lakini tahadhari: fanani wa ngano naye husema "kumbe" akiwachangamsha wasikilizaji wake, bila kuingia kichwani mwa mtu yeyote. Dalili moja peke yake haitoshi. Hapa tunayo "leo", swali na "kumbe" katika mistari minne, na hapo mzee amekosea kama Pinard alivyokosea.

Kijana alifurahi, akauliza kama aongeze "aliwaza" ili asieleweke vibaya tena. Nilimkataza. Angeweka "aliwaza" pale, msomaji angemtazama Nambozo kwa mbali. Sasa anajikuta amekubaliana naye kabla ya kujiuliza kama anavunja sheria.

Ila kurasa mbili mbele nilikuta sentensi hii: "Magendo yalikuwa riziki ya wanyonge." Haina "leo", haina swali, wala mshangao, hata "a-" ya kugeuza haimo. Inaweza kuwa ya Nambozo, inaweza kuwa ya msimulizi, na hakuna kipimo nikijuacho kitakachoamua. Hapo wino mwekundu wa mzee ulikuwa na haki. Nilimshauri kijana aiandike upya. Mpaka leo hajakubali.