Tone moja la damu: namna sheria ya Amerika iliamua nani ni mweusi

Kanuni ya tone moja ni kanuni iliyotumiwa katika majimbo mengi ya Amerika, zaidi ya kusini, ili kumpangia mtu rangi kufwatana na ukoo wake. Ilisema hivi: kama katika babu na bibi zako, hata wa zamani sana, kunapatikana mtu mweusi mmoja, wewe pia ni mweusi. Sura yako haikuhesabiwa, wala ngozi yako, wala namna majirani wanakuona. Na kanuni ilienda upande mmoja tu. Tone la damu ya mzungu halikumfanya mtu mweusi awe mzungu.

Wengi wanafikiri kanuni hiyo ilikuwako tangu mwanzo wa utumwa. Hapana. Wakati wa utumwa, swali la kwanza halikuwa rangi, lilikuwa mama. Mwaka wa 1662, koloni ya Virginia ilitunga sheria kwamba mtoto anafwata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni mzungu mwenye shamba. Faida yake ilikuwa wazi: bwana aliyezaa na mtumwa wake hakupata mrithi, alipata mtumwa mwingine wa bure.

Hesabu inayobadilika

Rangi yenyewe ilipimwa kwa sehemu, kama vile mtu anagawanya mkate. Katika Virginia, sheria ya mwaka wa 1785 ilisema mtu mwenye robo ya damu nyeusi, ni kusema babu mmoja au bibi mmoja kati ya wane, ni mulato. Aliyekuwa na sehemu moja juu ya nane hakuguswa na sheria hiyo. Mwaka wa 1910, mpaka ukashushwa hadi sehemu moja juu ya kumi na sita. Mwaka wa 1924 ikaja sheria kali zaidi: mzungu ni yule tu asiye na alama yoyote ya damu isiyo ya kizungu.

Tuangalie maana yake. Mtu aliyekuwa na sehemu moja juu ya kumi na sita alikuwa mzungu mbele ya sheria mwaka wa 1909. Mwaka uliofwata, mtu yule yule, mwenye wazazi wale wale, akawa mweusi. Katika mwili wake hakuna kitu kilichobadilika. Kilichobadilika ni karatasi.

Na karatasi ilikuwa na uzito. Kufwatana nayo, mtu alijua anaweza kuoa nani, watoto watasoma shule gani, na yeye atakaa wapi katika treni. Mwaka wa 1892, huko New Orleans, Homer Plessy, aliyekuwa na sehemu moja tu juu ya nane, aliketi katika behewa la wazungu akakamatwa. Mwaka wa 1896, Korti Kuu ya Amerika ilisema jimbo lina haki ya kutenganisha watu namna hiyo.

Mtu wa buro

Sheria haitembei yenyewe, inahitaji mtu wa kuiandika katika rejista. Huko Virginia mtu huyo alikuwa Walter Plecker, munganga aliyeongoza buro ya eta-sivili ya jimbo tangu 1912 hadi 1946. Kwa sheria ya 1924, aliyedanganya kuhusu rangi yake katika rejista aliweza kufungwa mwaka mmoja.

Sheria hiyo ilikuwa na mlango mmoja. Jamaa nyingi kubwa za wazungu wa Virginia zilijivunia kwamba zinatoka kwa Pocahontas, binti wa chifu wa Wahindi Wekundu. Kama tone lolote linaharibu uzungu, na wao wangeharibika. Njo maana wabunge wakaandika kwamba mwenye sehemu moja juu ya kumi na sita, au chini yake, ya damu ya Kihindi, anabaki mzungu.

Lakini kwa Wahindi wenyewe mlango ulifungwa. Plecker alisema karibu wote wamekwisha kuchanganyika na weusi, basi wahesabiwe kama weusi. Mwaka wa 1943 alituma kwa wakubwa wa mahali orodha za majina ya jamaa walizopaswa kuchunga. Matokeo yake yalidumu: wajukuu wao walipotaka serikali ya Amerika itambue makabila yao, vyeti vya wazee vilikuwa vimekwisha kuharibiwa. Makabila sita ya Virginia yalitambuliwa mwaka wa 2018 tu.

Mama aliyetafuta pasipoti

Mwaka wa 1967, Korti Kuu ilivunja sheria zote zilizokataza ndoa za rangi mbili, kwa kesi ya Richard na Mildred Loving wa Virginia. Hata hivyo, mwaka wa 1970 jimbo la Louisiana liliandika sheria mpya ya hesabu: mtu mwenye damu nyeusi zaidi ya sehemu moja juu ya thelathini na mbili ni mweusi.

Sheria hiyo ilimkuta Susie Guillory Phipps. Alikuwa amekua akijiona mzungu, na aliolewa mara mbili na wazungu. Mwaka wa 1977 alienda kutafuta pasipoti, akaonyeshwa cheti chake cha kuzaliwa: wazazi wake wote wawili wameandikwa watu wa rangi. Aliomba kisahihishwe, buro ikakataa, naye akaenda tribinali.

Jimbo lilimuweka mtaalamu wa ukoo kufwata nasaba yake. Alirudi nyuma zaidi ya miaka mia mbili, mpaka kwa mtumwa mweusi aliyeitwa Margarita, bibi wa kizazi cha sita juu ya Phipps. Sasa tuhesabu. Kila mtu ana wazazi 2, kisha 4, 8, 16, 32, na kwa kizazi cha sita 64. Margarita peke yake anampa Phipps sehemu moja juu ya 64, isiyofika mpaka wa sheria. Lakini jimbo lilihesabu na wengine wa ukoo huo, likasema ana sehemu tatu juu ya 32. Kwa hiyo ni mweusi.

Kesi ilisikilizwa mwaka wa 1982, watu wakashangaa sana, na mwaka wa 1983 wabunge wa Louisiana wakafuta sheria ile. Yeye mwenyewe hakushinda. Tribinali ya rufaa ilimkatalia mwaka wa 1985, na mwaka wa 1986 Korti Kuu ya Amerika ilikataa kusikiliza. Cheti kikabaki vile.

Kinachobaki

Kanuni hii haikuwa sheria moja ya inchi nzima. Kila jimbo lilikuwa na mpaka wake. Lakini serikali kuu nayo iliifwata katika kuhesabu watu: mwaka wa 1930, wahesabuji waliagizwa kuandika kuwa mweusi kila mwenye mchanganyiko, hata kama sehemu ni ndogo namna gani. Ni mwaka wa 2000 tu raia waliruhusiwa kuchagua rangi zaidi ya moja.

Hata hivyo, mazoea hayafutwi pamoja na sheria. Barack Obama, baba Mkenya, mama mzungu, angeweza kuweka alama mbili mwaka wa 2010. Aliweka moja: mweusi. Tofauti na wakati wa Plecker ni kwamba safari hii kalamu ilikuwa katika mkono wake mwenyewe.